Saa Tatu Ipi, Usiku wa Kuamkia Lini?

Karibu kila kitabu cha kumfundisha mgeni Kiswahili kina somo la stendi. Msafiri anauliza, "Basi la Arusha linaondoka saa ngapi?" Mkata tiketi anajibu, "Saa tatu." Msafiri anashukuru, anaelekezwa basi lilipo, na somo linaishia hapo. Mimi hufundisha Kiswahili watu wazima waliokuja Dar es Salaam kikazi au kimasomo, na nimefikia kuamini kwamba somo hilo linamwacha mwanafunzi njia panda. Maswali yenyewe si kazi. Wiki ya kwanza tu mtu anaweza kuuliza nauli ni shilingi ngapi, gari linaondoka saa ngapi na liko wapi. Linalompoteza ni jibu, kwa sababu jibu la stendini limejaa mambo ambayo sisi tuliokulia ndani ya lugha hii hatuyasemi, tunayaacha yaeleweke yenyewe.

Chukua hiyo "saa tatu". Mgeni amezoea siku inayoanza usiku wa manane, nasi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza na tena tangu linapozama. Hapa kwetu karibu na ikweta hesabu hiyo haitusumbui, maana jua linachomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Lakini tiketi siku hizi inatolewa na mashine au inakuja kwenye simu, na mashine inaandika kwa mtindo wa saa 24. Kwa hiyo mdomo wa wakala unasema saa tatu usiku, karatasi inasema 21:00, na kichwa cha mgeni kinasikia saa tisa usiku, yaani 03:00. Akifuata alichosikia, atafika stendi saa sita baada ya gari kuondoka. Asubuhi mambo ni yale yale: anaambiwa saa kumi na mbili, tiketi inasema 06:00, naye anajipanga kwa saa sita mchana.

Dawa ya hili ninayoifundisha ni saa ya mishale. Mshale mfupi ukiwa kwenye 9, tazama namba inayoukabili ng'ambo ya pili: ni 3. Ukiwa kwenye 6, inayoukabili ni 12. Hakuna kujumlisha wala kutoa, jicho linavuka uso wa saa basi. Wengi hawavai saa tena, kwa hiyo nawachoresha duara kwenye daftari na kuwaagiza waende nalo stendi. Nusu na robo hazibadiliki, ila kuna neno moja la kuliogopa, nalo ni "kasorobo". Saa moja kasorobo asubuhi ni 06:45. Anayeishika "saa moja" na kuacha kipande kilichobaki atachelewa kwa robo saa, na gari la ratiba halimsubiri mtu robo saa.

Tunapokaa darasani kuigiza, mazungumzo yanakwenda hivi. Mwanafunzi yuko kwenye dirisha la tiketi katika Stendi Kuu ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyofunguliwa rasmi Februari 2021 na kuchukua nafasi ya Ubungo.

"Habari za kazi, dada?"

"Nzuri, karibu kaka. Unaenda wapi?"

"Naenda Arusha. Naomba tiketi ya kesho."

"Kesho kuna gari la asubuhi na la usiku. Unataka lipi?"

"La usiku. Linaondoka saa ngapi?"

"Saa tatu. Uripoti saa mbili na nusu."

Hapa ndipo kitabu kinapoaga, na hapa ndipo mimi ninapotaka mwanafunzi abaki dirishani. Ametajiwa saa mbili tofauti kwa pumzi moja: ya kuripoti na ya kuondoka. Lazima azirudie zote mbili kwa sauti, kila moja na kipindi chake.

"Naripoti saa mbili na nusu usiku, gari linaondoka saa tatu usiku. Ndivyo?"

"Ndivyo hivyo."

"Kwenye tiketi itaandikwa ishirini na moja?"

"Ndiyo, 21:00."

Swali hilo la mwisho linaonekana la kitoto, lakini limefunga mlango wote wa kosa la saa sita. Wakala hachukizwi nalo. Anajua ni nani atakayelalamikiwa mgeni akikosa gari.

Kisha linakuja jambo ambalo limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2023, serikali ilipoondoa marufuku ya mabasi kusafiri usiku iliyokuwapo tangu miaka ya 1990. Zamani mabasi mengi yalitoka alfajiri na asubuhi, na tarehe haikuwa na utata. Sasa gari linaweza kuondoka saa sita na nusu usiku. Tuseme tiketi inasema tarehe 14, saa 00:30, na tarehe 14 ni Jumamosi. Mashine imehesabu kwamba siku mpya inaanza usiku wa manane, kwa hiyo msafiri anatakiwa kuwa stendi Ijumaa jioni, tarehe 13. Mtu anayesoma tarehe tu, mgeni au mwenyeji, atashinda nyumbani Jumamosi nzima akipanga mizigo, kisha atafika usiku na kukuta gari lake lilikwisha kufika Arusha asubuhi ya siku hiyo.

Utata unazidi kwa sababu wenyewe hatuna kauli moja. Kwa desturi ya pwani siku inaanza jua linapozama, hivyo mzee wa Tanga akisema usiku wa Jumamosi anaweza kukusudia usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Kijana wa mjini akisema maneno hayo hayo anakusudia Jumamosi baada ya chakula cha jioni. Kiswahili kimeshatupatia njia ya kutoka: "usiku wa kuamkia". Ukisema usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, hakuna anayeweza kukosea, awe wa pwani, wa bara au aliyetua jana uwanja wa ndege. Ndiyo maana swali ninalotaka mwanafunzi alijue kwa moyo kabla hata ya kujua majina ya matunda ni hili: "Ni usiku wa kuamkia lini?"

Kuhusu nauli sitakaa sana. Mgeni ajifunze kuuliza daraja la gari kabla ya bei, kwa kuwa LATRA huweka viwango vya juu kulingana na daraja. Katika viwango vilivyoanza Desemba 2023, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita na daraja la kati shilingi 67.84. Kwa safari ya kilomita mia sita na ushei kama ya Arusha, hiyo ni tofauti inayozidi elfu kumi. Akitajiwa bei mbili na madirisha mawili asidhani papo hapo kwamba anaibiwa. Aulize, "Hilo ni daraja gani?" Na kama anashukia njiani, Korogwe au Moshi, ataje mahali hapo tangu mwanzo, si baada ya tiketi kuandikwa.

Sasa basi lenyewe. Vitabu vya lugha vinapenda namba ya sehemu ya kupandia: nenda namba tano. Stendini mara nyingi jibu ni kidole na maneno matano: "Pale, nyuma ya lile jekundu." Ni jibu la haki kabisa kwa sekunde linapotolewa. Lakini lile jekundu nalo ni basi, linaondoka, na mgeni aliyekuwa akilitazama kama alama anabaki katikati ya uwanja na begi lake. Hapo wapiga debe wanamzunguka, kila mmoja akimwambia gari la Arusha ni hili, linatoka sasa hivi.

Kampuni moja inaweza kuwa na mabasi kadhaa ya njia moja kwa siku moja, yote jina moja na rangi moja ubavuni. Kitu pekee ambacho basi haligawani na jingine ni namba ya gari, ile inayoanza na T. Kwa hiyo dirishani mazungumzo yanaendelea:

"Namba ya gari ni ngapi?"

"Imeandikwa hapo kwenye tiketi."

"Linapaki upande gani, kulia au kushoto nikitoka hapa?"

"Kushoto, mwisho kabisa. Likiingia utaona."

"Napandia hapa Mbezi au Shekilango?"

Hilo la mwisho wenyeji wanalielewa mara moja. Baadhi ya kampuni zina ofisi Shekilango na gari linaanzia huko kabla ya kupita Mbezi, zaidi ya kilomita kumi mbele kwenye Barabara ya Morogoro. Mtu anaweza kuwa na tiketi sahihi, saa sahihi, siku sahihi, na bado akasimama mahali pasipo basi. Wakala anaweza asiseme kwa kuwa hakuulizwa.

Wanafunzi wangu huchanganywa pia na namna tunavyolitaja gari. "La Mwanza limeingia," mtu anasema, na mgeni anayekwenda Mwanza ananyanyuka na mizigo yake. Kumbe limeingia likitoka Mwanza, abiria wanashuka. Neno "la" halisemi linakwenda au linatoka. Nawafundisha waulize kwa kitenzi: "Linaenda Mwanza, au linatoka Mwanza?" Na mlangoni, kabla ya kukabidhi begi kwa utingo, wamwoneshe kondakta tiketi na kusoma naye namba ya gari na ya siti. Begi likishaingia buti kwenye gari lisilo lako, kulipata tena ni kazi ya siku mbili au tatu.

Kwa upande wa anayejibu, yaani wewe na mimi tunaposimamishwa na mgeni stendini, kinachosaidia ni kidogo. Tusiongee kwa sauti kubwa zaidi, maana yeye si kiziwi. Tutaje kipindi cha siku kila tunapotaja saa. Tuchague alama isiyosogea, kama nguzo, choo au dirisha la tiketi, badala ya basi. Na akirudia tulichomwambia neno kwa neno, tusimcheke wala kumkatisha. Anapima kama alichosikia ndicho tulichosema, na tukinyamaza anapokosea, ataamini amepatia na kwenda zake.