Roboti ya Ankara na Foleni Inayohamia Pengine

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya magari ya Ford ilikuwa na watu zaidi ya 500 Amerika Kaskazini ambao kazi yao ilikuwa kushughulikia malipo ya wauzaji. Karani alipokea karatasi tatu: nakala ya oda kutoka idara ya ununuzi, hati ya mapokezi kutoka stoo, na ankara ya muuzaji. Vipengele 14 vilipaswa kulingana ndipo malipo yatoke. Vilipolingana, kazi ilikuwa nyepesi. Siku ziliishia kwenye zile zilizokataa kulingana.

Ford walitarajia kwamba kompyuta zingepunguza watu kwa asilimia 20. Kisha wakaona kwamba Mazda wana watu 5 tu kwa kazi hiyo. Hata kwa kuzingatia udogo wa Mazda, pengo hilo halikutokana na wepesi wa kuchapa. Basi Ford wakaiondoa ankara yenyewe. Mzigo ukifika, mpokeaji anatazama oda kwenye kompyuta. Ukilingana anaupokea na malipo yanaandaliwa, usipolingana unarudishwa. Michael Hammer, aliyekieleza kisa hiki katika Harvard Business Review mwaka 1990, aliandika kwamba watumishi walipungua kwa asilimia 75.

Natamani kila mhasibu anayeuziwa roboti leo akijue kisa hicho. Roboti hiyo ni programu inayosoma ankara, inaingia kwenye mfumo wa ERP kwa nywila kama karani, na kujaza visanduku kimoja kimoja. Inachapa haraka, ila kuchapa hakukuwa ndiko kunakochelewesha. Kwenye SAP, ankara ambayo bei yake imepita oda kuliko kiwango kinachoruhusiwa huandikishwa, lakini malipo yake huzuiwa mpaka mtu aamue. Roboti ikiongeza kasi, foleni inahamia hapo.

Kwa hiyo usihesabu ankara zilizoingizwa. Fungua `MRBR`, orodha ya zilizozuiwa, usome sababu. Zikiwa nyingi ni za bei, huenda bei mpya zilikubaliwa kwa simu na hakuna aliyezibadilisha kwenye mfumo. Zikiwa za idadi, mara nyingi mzigo umeshafika ila stoo hawajauandikisha. Mambo haya hurekebishwa kwa mnunuzi na getini, wala si kwenye meza ya uhasibu. Yakishanyooka, SAP inaweza kutengeneza ankara yenyewe kutokana na oda na mapokezi, kwa `MRRL`, na hakuna kitu cha kuchapa tena.

Njia hiyo inahitaji makubaliano na muuzaji, na sheria ya kodi ina neno lake: nchini Kenya, kwa mfano, huwezi kudai VAT ya manunuzi bila ankara halali ya kodi.

Roboti inafaa pale taarifa zinapotoka kwenye mfumo usio wako, mathalani tovuti ya benki isiyotoa njia ya kuunganishwa. Hata huko, mpe mtu jukumu la kuitazama kila asubuhi, kwa sababu nywila ikiisha muda au kitufe kikihamishwa kwenye skrini, kazi inasimama.