Kosta Moja, Faida za Aina Mbili

Chukua mfano wa shangazi na mpwa wake wa Moshi. Kila mmoja ametoa shilingi milioni 40.5, na kwa pamoja wamenunua Kosta ya shilingi milioni 81 ya kubeba abiria kati ya Moshi na Arusha. Wamekubaliana waitumie miaka minne kisha waiuze. Madalali wa magari wamewaambia kwamba kwa umri huo haitapata zaidi ya milioni 16. Fedha zilitoka mfukoni siku moja, ila gari litafanya kazi miaka minne, na hapo ndipo mhasibu anapojiuliza: katika hizo milioni 81, mwaka wa kwanza ubebe ngapi?

Zikiandikwa zote mwaka wa kwanza, vitabu vitaonyesha hasara ya kutisha, halafu miaka mitatu ya faida nono isiyo na ukweli, kana kwamba gari lilipatikana bure. Ndiyo maana gharama hugawanywa. Toa milioni 16 zinazotarajiwa kurudi siku ya kuuza, zinabaki milioni 65. Hizo ndizo Kosta itakazokula katika maisha yake kazini, na sehemu inayoandikwa kila mwaka huitwa uchakavu.

Hapa wengi huteleza. Uchakavu si fedha inayotoka, kwa kuwa fedha ilishatoka siku ya kununua gari. Wala si akiba iliyowekwa benki ya kununulia gari jingine. Ni mgawanyo tu wa gharama iliyokwisha kulipwa, na mgawanyo una njia zaidi ya moja.

Njia ya kwanza ni ya mstari mnyoofu. Milioni 65 zinagawanywa kwa minne, na kila mwaka unabeba milioni 16.25, si zaidi wala si pungufu. Ukichora kwenye karatasi thamani ya gari kama inavyosomeka vitabuni, mstari unashuka kwa mteremko uleule kutoka 81 hadi 16, na jina limetoka hapo.

Njia ya pili ni ya salio linalopungua. Badala ya kiasi kimoja, unashika kiwango kimoja, nacho hupigwa kwenye thamani iliyobaki vitabuni, si kwenye bei ya kununulia. Kwa Kosta hii kiwango kinachofaa ni theluthi moja. Mwaka wa kwanza theluthi ya 81 ni milioni 27, zinabaki 54. Mwaka wa pili theluthi ya 54 ni milioni 18, zinabaki 36. Mwaka wa tatu unabeba milioni 12, wa nne milioni 8, na mwishoni vitabu vinasoma milioni 16 zilezile. Jumla ya uchakavu ni milioni 65, sawasawa na njia ya kwanza.

Kosa linalojirudia katika njia hii ya pili ni kutoa zile milioni 16 kwanza, kisha kupiga theluthi kwenye 65. Kiwango cha theluthi kimeshapimwa ili kifikie 16 chenyewe, kwa hiyo kuzitoa mwanzoni ni kuzihesabu mara mbili. Dalili yake huonekana mwishoni: baada ya miaka minne vitabu vinadai gari lina thamani ya karibu milioni 28.8, wakati sokoni hakuna anayetoa zaidi ya 16. Salio linalopungua, kwa tabia yake, halifiki sifuri hata likiachwa miaka 20, na anayetaka gari liishe kabisa vitabuni kwa njia hii atangoja bila mwisho.

Sasa tuingize mapato. Mwaka wa kwanza gari ni zima na halilali gereji. Baada ya mafuta, mishahara ya dereva na konda, bima na matengenezo, wanabakiwa na milioni 36. Mwaka wa pili klachi na springi zinaanza kudai haki yake, zinabaki milioni 32. Mwaka wa tatu milioni 28. Mwaka wa nne fundi anashusha injini, gari linakosa barabara wiki kadhaa, na zinabaki milioni 24. Jumla ya miaka minne ni milioni 120, kabla ya uchakavu na kabla ya kodi.

Kwa mstari mnyoofu, faida inakuwa milioni 19.75, kisha 15.75, kisha 11.75, na mwisho 7.75. Anayesoma hesabu hizi ataona biashara inayoporomoka mwaka hadi mwaka. Kwa salio linalopungua, faida ni milioni 9, kisha 14, kisha 16, na tena 16. Huyu naye ataona biashara inayokua, kisha kutulia. Gari ni moja, abiria ni walewale, na fedha iliyoingia haikubadilika hata senti. Ukijumlisha miaka yote minne, kila njia inatoa faida ya milioni 55. Njia ya uchakavu haiongezi wala haipunguzi faida ya maisha yote ya mali. Inachoamua ni faida hiyo ionekane mwaka gani.

Katika mfano huu salio linalopungua lina hoja nzuri zaidi. Kosta hutoa huduma yake bora ikiwa mpya, na kadiri uchakavu unavyopungua vitabuni, bili za gereji zinapanda na kuziba pengo. Gharama mbili hizo zikiwekwa pamoja, hakuna mwaka unaolemewa kupita kiasi. Lakini jengo la ofisi au meza za mapokezi hazina tabia hiyo: mwaka wa tano humhudumia mwenye nazo kama mwaka wa kwanza, na kwa mali za namna hiyo mstari mnyoofu ndio unaosema kweli. Kanuni ya kimataifa ya mahesabu nambari 16 haimlazimishi mtu kufuata njia moja. Inadai njia ifanane na jinsi mali inavyotumika, na ipitiwe upya angalau kila mwisho wa mwaka wa hesabu.

Kama jumla ni ileile, kwa nini mtu agombane? Kwa sababu si wote wanaokaa hadi mwisho. Tuseme baada ya miaka miwili mpwa amepata kazi kwingine. Anakuja kwa adabu, "Shikamoo shangazi, naomba tufunge hesabu yangu." Shangazi anaitikia, anatoa daftari.

Katika miaka hiyo miwili biashara imeingiza milioni 68. Kwa mstari mnyoofu faida iliyotangazwa ni milioni 35.5, na nusu yake ni 17.75. Kwa salio linalopungua faida ni milioni 23 tu, na nusu yake ni 11.5. Faida hizo zikiwa zimekwisha gawanywa, kinachobaki ndani ya biashara ni fedha taslimu pamoja na gari kwa thamani ya vitabuni, na kwa njia zote mbili jumla yake ni milioni 81, ule mtaji wao wa mwanzo. Nusu ya mpwa ni 40.5. Basi kwa njia ya kwanza anaondoka na jumla ya milioni 58.25, kwa njia ya pili milioni 52. Zaidi ya milioni sita zinahama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kwa sababu ya kanuni ya kugawanya tu.

Dawa ni kuuliza gari linauzwa bei gani leo. Tuseme soko linatoa milioni 40. Kwa mstari mnyoofu vitabu vilikuwa vinasoma 48.5, kwa hiyo kuna hasara ya milioni 8.5 ambayo haijaandikwa. Kwa salio linalopungua vilikuwa vinasoma 36, kwa hiyo kuna faida ya milioni 4 iliyojificha. Ukisharekebisha, njia zote mbili zinakutana pamoja: faida halisi ya miaka miwili ni milioni 27, na haki ya mpwa ni milioni 54. Njia ya kwanza ingempendelea yeye kwa milioni 4.25, ya pili ingempunja milioni 2. Hasara au faida inayojitokeza siku ya kuuza mali, mara nyingi, ni uchakavu uliokadiriwa vibaya miaka ya nyuma unaojisahihisha kwa mkupuo mmoja.

Upande wa kodi, uchaguzi wa vitabuni hauna nguvu. Kwa Tanzania, mlipakodi anayewasilisha hesabu kamili huurudisha uchakavu wake kwenye faida, kisha hutoa ule uliowekwa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 katika Jedwali la Tatu. Basi dogo la abiria wasiofika 30 limo kwenye kundi la asilimia 37.5 ya salio linalopungua. Kosta ya milioni 81 ingepewa punguzo la shilingi 30,375,000 mwaka wa kwanza, mwenye gari awe anatumia mstari mnyoofu au la. Majengo ya kawaida, kwa sheria hiyohiyo, huenda kwa mstari mnyoofu wa asilimia 5. Mtunga sheria naye ametumia njia zote mbili, kila moja mahali pake.

Kampuni kubwa nazo hubadili njia. Sony ya Japani iliacha salio linalopungua na kuingia mstari mnyoofu kuanzia Aprili 1, 2012. Toyota, watengenezaji wa Kosta wenyewe, walifanya hivyo kwa kampuni mama na kampuni zake tanzu za Japani kuanzia Aprili 1, 2019. Badiliko hilo ni halali, mradi matumizi ya mali yawe yamebadilika kweli. Halirudi nyuma kusahihisha miaka iliyopita, linaanzia pale kampuni ilipofika. Lakini kampuni yenye mitambo mingi mipya ikibadili namna hiyo, uchakavu wa mwaka hushuka na faida hupanda hata kama haikuuza gari moja zaidi. Msomaji wa ripoti ya mwaka asiishie kwenye mstari wa faida. Afungue maelezo ya sera za kihesabu, atafute njia ya uchakavu, miaka ya matumizi na thamani ya mwisho, kisha alinganishe na ripoti ya mwaka uliotangulia. Kimojawapo kikiwa kimebadilika, hapo hapo kampuni hutakiwa kueleza kimebadili faida kwa kiasi gani.

Na kwa wanaonunua gari kwa ubia, iwe ndugu au marafiki: andikeni njia ya uchakavu kwenye mkataba kabla gari halijaingia barabarani, na mwongeze sentensi moja kwamba mbia akitoka mapema, gari litathaminiwa kwa bei ya soko ya siku hiyo.