Mbegu ya viazi iliishia mstari wa 20: hesabu iliyotushinda kule Shari

Wandugu wachimbaji, na nyinyi mama na watoto munaosoma ukurasa huu nyumbani, leo hatuongei juu ya shimo. Tunaongea juu ya viazi mviringo, vile vinavyoshuka Bunia kutoka milima ya Djugu na Mahagi. Na tunaanza na kosa letu sisi wenyewe.

Kwa sendika yetu tuko na kasi ndogo ya kusaidiana. Msimu moja tulikata shauri kulima pale Shari kipande cha meta 50 kwa meta 20, ni kusema meta mraba 1 000, sehemu moja ya kumi ya hektari. Ndugu moja akasema katika mkutano: « Hektari moja inakula tani mbili za mbegu, kila mtu anajua. Basi sisi tununue kilo 200. » Hakuna aliyeuliza viazi vyenyewe viko na uzito gani. Tukatoa feza ya kasi, tukanunua kilo 200.

Siku ya kupanda tulivuta kamba. Mistari 26, kutoka mstari hadi mstari santimeta 75, shimo hadi shimo santimeta 30. Kila mstari ulikuwa na mashimo 166. Kufika mstari wa 20, mbegu ikaisha. Mistari sita ilibaki udongo mutupu, tayari imelimwa, tayari imetiwa samadi. Kisha juma tatu, ndani ya mistari iliyopandwa, tukaona nafasi nyingi zisizokuwa na kitu. Mama moja akahesabu kwa kidole, akatuambia: « Bapapa, kila tano, moja haikutoka. »

Ile jioni njo tulikaa chini na kufanya hesabu ambayo tulipaswa kufanya mbele ya kununua. Iko na vitu vine tu: nafasi kati ya mistari, nafasi kati ya mashimo, uzito wa kiazi kimoja, na viazi ngapi kwa mia vinaota.

Kwanza: mashina ngapi?

Kila shina linamiliki mstatili wake wa udongo. Kama mistari inaachana kwa meta 0,75 na mashimo kwa meta 0,30, unazidisha: 0,75 × 0,30 ni meta mraba 0,225. Hektari moja ni meta mraba 10 000. Gawanya 10 000 kwa 0,225, unapata mashina 44 444. Kwa kipande chetu, sehemu ya kumi, ni 4 444.

Msomaji ataona kwamba kamba yetu ilitoa mashimo 4 316 tu (26 × 166). Si kosa la hesabu: ni vipande vidogo vya pembeni ambavyo havitoshi mstari mwingine. Hesabu inakupa kiasi cha kununua, kamba inakupa kiasi cha kuchimba, na hizo mbili sherti zikaribiane. Kama zinaachana sana, kuna kitu umepima vibaya.

Watu wengine wanakaza mistari hadi santimeta 60 ili shamba lijae. Wajue kwamba mbegu inapanda bei pamoja na kukaza huko: mashina yanakuwa 55 556 kwa hektari. Tena kati ya mistari hapabaki udongo wa kutosha wa kupandishia kwenye shina, viazi vinatokea juu, jua linavipiga, vinakuwa kijani na uchungu. Hivyo havifai kula.

Pili: kiazi kimoja kiko na uzito gani?

Hapa njo tulianguka zaidi. Mchimbaji anajua kupima dhahabu mara mbili, juu hana imani na mizani ya mununuzi. Lakini kwa mbegu tulitazama gunia kwa macho tu.

Njia ni hii: chukua viazi 100, si vile vya juu ya gunia peke yake, bali vya juu, vya kati na vya chini. Usichague. Vipime vyote pamoja mara moja. Kama vinatoa kilo 5, kiazi kimoja ni gramu 50. Mbegu nzuri iko karibu na ukubwa wa yai la kuku. Tulipopima mabaki yaliyooza kidogo na yale mazima tuliyokuwa tumeweka pembeni, yetu yalikuwa gramu 62.

Ona tofauti yake. Mashina 44 444 kwa gramu 50 ni kilo 2 222. Njo ile « tani mbili » ya ndugu yetu. Hakudanganya, alisahau tu kwamba ni ya viazi vidogo tena vinavyoota vyote. Kwa gramu 62, ni kilo 2 756. Nafasi ni zile zile, shamba ni lile lile, lakini inatakiwa zaidi ya kilo 500 za kuongeza.

Wengine watasema: tukate kiazi kikubwa vipande viwili. Kule baridi kwenye udongo safi inawezekana. Kwetu ni hatari, juu ya ugonjwa wa kunyauka unaoletwa na bakteria. Kisu kinachokata kiazi kigonjwa kimoja kinapeleka ugonjwa kwa vyote vinavyofuata. Na wenye kukimbilia viazi vidogo sana ili walipe kilo chache, waangalie pia: mara nyingi vidogo vile vilitoka kwa shina lililokuwa gonjwa, na hata vikiota, vinatoa vijiti vyembamba.

Tatu: vinaota ngapi kwa mia?

Majuma tatu ao ine mbele ya mvua, panga viazi 100 chini ya barza, mahali penye mwangaza lakini bila jua kali. Kisha hesabu vile vilivyotoa chipukizi fupi, nene, lenye nguvu. Chipukizi refu jembamba kama uzi usilihesabu, ni alama ya mbegu iliyochoka.

Hapa kuna mutego. Kiazi kilichovunwa juzi kinalala, kinaweza kulala miezi miwili ao mitatu. Ukikijaribu mapema, utaona 20 tu kwa 100 na utafikiri mbegu imekufa. Kibonyeze: kama ni kigumu, na ukikata kimoja ndani ni cheupe safi, kinalala tu, kingoje. Lakini kama ndani kuna duara la rangi ya kahawia na ukikamua linatoa matone kama maziwa, ama udongo unagandamana kwenye macho ya kiazi, hakuna hesabu itakayokusaidia. Hilo gunia usilipande. Ule ugonjwa unabaki ndani ya udongo, na musimu ujao unaua pia nyanya, pilipili na biringanya.

Sasa, kama 80 kwa 100 ndiyo inaota, unafanya nini? Wengi kati yetu tulizidisha: 2 756 × 0,80. Hapo tulipunguza mbegu wakati tulitakiwa kuongeza! Wengine wakaongeza asilimia 20. Hiyo pia haitoshi. Fikiria mbegu inayoota nusu tu: ukiongeza nusu, unakuwa na viazi 150, vinaota 75, ungali umepungukiwa. Inatakiwa mara mbili, 200, ili vitoke 100. Kwa hiyo si kuzidisha, si kuongeza, ni kugawanya: 2 756 ÷ 0,80 = kilo 3 445 kwa hektari. Kwa kipande chetu, kilo 344. Sisi tulinunua 200.

Hesabu yote katika mstari moja ni hii:

```
kilo kwa hektari = 10 000 ÷ (mstari × shimo) × gramu ÷ 1 000 ÷ kuota
```

Mstari na shimo ni kwa meta, kuota ni 0,80 kama ni 80 kwa 100.

Ukirudi nyuma, kila kitu kinaeleweka. Kilo 200 kwa gramu 62 ni viazi 3 225. Ukigawanya kwa mashimo 166 ya kila mstari, unafika katikati ya mstari wa 20, pale pale tuliposimama. Na kati ya hivyo 3 225 vilitoka mashina 2 580 hivi. Tulilima kwa mashimo 4 316, tukapata mashina 60 kwa 100. Kasi ililipa kazi yote, shamba likarudisha sehemu tu.

Zile za ziada unaziweka wapi?

Swali hili lilitoka kwa mama mmoja, na ni zuri: « Tukinunua kilo 344 na mashimo ni yale yale, zile za kuzidi tunapanda wapi? » Kuna njia mbili. Ya kwanza, unakaza mashimo: santimeta 30 × 0,80 ni 24. Unapanda kila santimeta 24, na zile zisizoota zinaacha nafasi ya kawaida. Lakini haziachi kwa usawa, pengine tatu zinakosa pamoja.

Ya pili njo tuliyofuata musimu uliofuata. Tulipata mbegu ya gramu 50, tukajaribu 100, zikaota 85. Hesabu: 2 222 ÷ 0,85 = kilo 2 614 kwa hektari, kwetu 261. Tulizipanga zote chini ya barza, tukatoa zile zisizochipuka na zile zilizooza, tukapanda tu zenye chipukizi, kila santimeta 30. Ukishachagua hivyo, usigawanye mara ya pili, juu zile mbaya umekwisha kuzitoa. Kujaza nafasi kisha juma tatu haifai sana, shina la nyuma linafunikwa na majirani.

Mbegu ile ilifika mpaka mstari wa 26. Haikuwa ajabu ya mavuno. Bunia iko kwenye meta 1 275 hivi, na viazi vinapenda juu zaidi, kule kwenye baridi. Hata chipukizi zuri linaweza kuozea udongoni kama mvua inapiga siku nyingi. Kwa hiyo kisha majuma ine tunahesabu mistari mitatu, moja pembeni, moja katikati, moja mwisho, na tunaandika ndani ya kitabu cha kasi: mashimo ngapi, mashina ngapi. Namba hiyo njo tunayoshika musimu unaofuata, si ile ya barza.

Na kabla ya kulipa muuzaji, sasa mtu mmoja anakuja na mizani, anahesabu viazi 100 mbele ya gunia. Muuzaji akikataa, tunaenda kwa mwingine.