Tutunze Mazungumzo Kabla Simu Haijafutwa

Simu ya kisasa ina mfumo unaoiendesha. Mara kwa mara kiwanda hutoa mfumo mpya, na simu hukuuliza kama unakubali kuupokea. Kwa kawaida kupokea mfumo mpya hakufuti kitu. Hatari iko kwenye kurudisha ule wa zamani. Mfumo wa zamani hauwezi kusoma kumbukumbu zilizopangwa na mfumo mpya. Kwa hiyo simu hufutwa yote kwanza.

Tuchukue mfano wa katibu wa kikundi cha kuweka akiba. Wanachama humwandikia kwa WhatsApp: nani amekopa, kiasi gani, atalipa lini. Tangu apokee mfumo mpya, simu yake ya Android imekuwa nzito, na chaji haifiki jioni. Fundi anamwambia, "Lete, tuurudishe ule wa zamani." Je, afanye nini kabla ya kumpa simu?

Kila siku, saa nane usiku, WhatsApp hutengeneza nakala ya mazungumzo ndani ya simu. Nakala hiyo isimdanganye. Simu ikifutwa, nayo inakwenda. Anahitaji nakala iliyo nje ya simu, kwenye akaunti yake ya Google.

Kwanza, afungue WhatsApp, aguse Settings, kisha Chats, kisha Chat backup. Hapo aangalie jina la akaunti ya Google na aliandike kwenye daftari. Ahakikishe pia kuwa neno la siri la akaunti hiyo analijua.

Pili, aguse Back up na asubiri mpaka kazi iishe. Picha nyingi hula bando, na video haziingii mpaka aziruhusu mwenyewe.

Tatu, asome tarehe. Chini ya maneno Last backup kuna mistari miwili: Local na Google. Local ni nakala ya ndani ya simu. Mstari wa Google ndio wa kutazama. Ukionyesha tarehe ya mwezi uliopita, ujumbe wa baada ya hapo haumo. Ukionyesha leo na saa hii, ampe fundi simu.

Ikiwa aliwahi kuifunga nakala hiyo kwa neno la siri la peke yake, nalo aliandike. Likipotea, hakuna fundi wa kuifungua.

Simu ikirudi, aweke kwanza akaunti ileile ya Google. Kisha aweke WhatsApp kwa namba ileile ya simu. Itamuuliza kama arudishe mazungumzo. Aguse Restore hapo hapo. Akiruka hatua hiyo ataanza na ukurasa mtupu, na itambidi aitoe WhatsApp na kuiweka upya ili aulizwe tena. Wakati huo asiguse Back up, maana nakala tupu itachukua nafasi ya ile nzuri, na madeni ya kikundi yatabaki vichwani mwa wadaiwa tu.