Mpangaji Akijibu "Sawa", Amekubali?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye nyumba anamwandikia mpangaji wake kwamba kuanzia Januari kodi itapanda kutoka laki mbili na nusu hadi laki tatu. Mpangaji anajibu, "Sawa mama." Januari inafika, analipa kodi ya zamani, ugomvi unazuka, na ujumbe ule unapelekwa kwa mfasiri ili usomwe na mtu asiyejua Kiswahili. Mfasiri aandike "agreed" au "okay"?

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Tumelipata kutoka Kiarabu, na kiini chake ni kulingana. Ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania inaposema binadamu wote ni sawa, Kiingereza chake ni "equal", hakuna mjadala. Jibu la hesabu likiwa sawa, ni "correct". Mtu aliyeanguka akikung'uta vumbi na kusema "niko sawa", hapo ni "fine". Na jirani akilalamika kuwa alivyofanyiwa "si sawa", anasema hakutendewa haki: "not right".

Hayo yote ni mepesi, kwa sababu sawa imeegemea kitu kinachoonekana. Ikisimama peke yake kama jibu ndipo inapoteleza. Sisi huitumia hata kumjulisha mwenzetu kwamba tumemsikia, hasa anapokuwa mkubwa wetu ambaye si adabu kumkatalia papo hapo. Ukipigiwa simu na mjomba utasema "sawa, sawa" mara kadhaa kabla hajafika kwenye ombi lake. Hakuna ulichokubali bado!

Kwa hiyo mfasiri huangalia kwanza kilichotangulia. Je, mama aliuliza, au alitoa taarifa? Kama aliandika "Unakubali?", basi sawa ni "agreed". Kisha huangalia kinachofuata. "Sawa, nitalipa" ni ahadi. "Sawa, ila tutaongea" inauacha mlango wazi. "Sawa tu" mara nyingi ina kinyongo ndani, na "fine" ya Kiingereza, ikitamkwa kwa mkato, huweza kukibeba kinyongo hicho vizuri ajabu. Njia nyingine ni kuweka "nimekubali" mahali pa sawa, halafu "nimesikia", na kuona kama mazungumzo yanaelekea kwingine. Yote mawili yakikaa vizuri, ujumbe una utata, na si kazi ya mfasiri kuuondoa.

Ya mpangaji wetu ni ya namna hiyo: alipewa taarifa, hakuulizwa, na hakuongeza neno. Ifasiriwe "okay", neno ambalo nalo halisemi wazi kama mtu amekubali au amesikia tu. "Agreed" ingemwandikia mkataba ambao hakuutamka, na "noted" ingempa utetezi ambao hakuutoa. Nawe unayepanga, kama hujaridhika na kodi mpya, usijibu sawa. Andika kwamba umepata ujumbe na hujakubali.