Bando la Wikendi Lisemwe Vipi?

Mwandishi wa matangazo jijini Dar es Salaam anaandaa bango la intaneti kwa vijana. Rasimu yake inasema: “Enjoi data anlimitedi wikendi hii, aktiveti sasa!” Inasikika ya mjini, lakini anayeisoma kwa sauti anajikwaa.

Kasoro haiko kwenye “data” wala “wikendi”. Hayo ni majina yaliyokwisha kuzoeleka, kama “bando”, ambalo limepata hata ngeli: bando limeisha, mabando yamepanda. Kuyafukuza kungeleta lugha ya darasani. Tatizo ni vitenzi. Kijana wa Dar haambiwi “aktiveti”. Yeye hujiunga na bando, na bando likikata hujiunga tena. Kitenzi ndicho kinachobeba amri ya tangazo, hivyo kikiwa kigeni sentensi nzima hupoteza nguvu. Rasimu ya pili inatoka hivi: “Jiachie na bando la wikendi. Jiunge sasa!”

“Anlimitedi” inahitaji uangalifu zaidi. Mara nyingi kasi hupunguzwa mteja akishatumia kiasi fulani, na jambo hilo, pamoja na bei na muda, liandikwe kwa Kiswahili kisicho na utata. Mchanganyiko usimfiche mteja sharti analolipia.

Nairobi hesabu hubadilika, kwa kuwa Sheng imo barabarani. Hata huko, “Okoa Jahazi” ya Safaricom, huduma ya kukopa salio, ilienea kwa maneno ya Kiswahili tupu. Sheng hubadilika upesi: inafaa tangazo la simu la siku chache kuliko bango litakalokaa miezi.