“Reporting date” si tarehe ya kuahirisha

Kijana wa Pweto aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi akipokea barua ya Kiingereza ya ufadhili, maneno asiyoyajua hayamdhuru sana, kwa kuwa atayauliza. Yanayomponza ni yale anayodhani anayajua. Anakuta “reporting date”, na kwa kuwa “report” ya Kifaransa ni kuahirisha, anawaeleza wazazi kwamba masomo yamesogezwa mbele. Kumbe chuo kinamtaka awe amefika na kujiandikisha siku hiyo. Mistari miwili chini anakuta “failure to report”, anadhani inazungumzia kufeli mtihani. Maana yake ni kutofika, na mara nyingi sentensi hiyo humalizikia kwa kusema nafasi itapewa mwingine.

Basi anayetafsiri barua ya namna hii kutoka kwenye simu aanze na picha yenyewe. WhatsApp huibana picha ya kawaida, na herufi ndogo za chini hugeuka ukungu. Mwambie aliyeituma airudie kama “Document”. Kisha tazama chini kabisa ya ukurasa. Pakiwa na “Page 1 of 3” nawe umepokea picha moja, bado hujapokea barua, maana masharti mara nyingi hukaa kurasa za nyuma. Tarakimu iliyofunikwa na muhuri andika “haisomeki”. Usikisie, hata kama familia inakuharakisha.

Tuchukue barua ya mfano kutoka chuo kikuu cha Tanzania. Inatoa nafasi “subject to” ulinganisho wa cheti cha sekondari kufanywa na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Inataka jibu kabla ya saa 17:00 ya Friday, 29/08/2025, na kuripoti Monday, 06/10/2025. Italipa “tuition and accommodation”, mwaka hadi mwaka, mwanafunzi akifaulu vya kutosha.

“Subject to” ndiyo shingo ya barua nzima. Itafsiri kwa sentensi kamili: nafasi hii itakuwa yako iwapo cheti chako kitakubaliwa; kisipokubaliwa, hakuna nafasi. Hapo ndipo tatizo la kwetu Kongo linapoingia. Matokeo ya mtihani wa Serikali hutoka, lakini diploma yenyewe mara nyingi hukawia kufika, na kijana hubaki na hati ya kufaulu tu. Barua ikidai diploma, swali la kwanza kwa chuo ni kama hati hiyo inatosha kwa sasa, na la pili ni nani anayekubalika kuitafsiri kwa Kiingereza na kuithibitisha. Majibu yaje kwa maandishi. Mimi singemruhusu mtoto auze chochote kwa ajili ya safari kabla ya majibu hayo.

Tarehe nazo zina mtego wake. Tanzania huandika siku kwanza, kisha mwezi, lakini barua za Marekani huanza na mwezi. Jina la siku hukata shauri: 6 Oktoba 2025 ni Jumatatu, ilhali 10 Juni 2025 ni Jumanne, kwa hiyo 06/10 ya barua yetu ni Oktoba. Saa pia ibadilishwe. Katanga iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, hivyo 17:00 ya huko ni 16:00 Pweto. Anayesubiri hadi 16:30 ya Pweto ameshachelewa.

Kuhusu fedha, mweleze mzazi pia yale ambayo barua haikuyataja. “Tuition” ni ada ya masomo. Malazi ni chumba. Nauli, chakula, bima na gharama za hati za kuingia nchini hazimo, na mzazi asihesabu kwamba zitalipwa. Hata ada ya mwaka wa pili imefungwa na sharti la kufaulu. Chuo kitaje alama inayotakiwa.

Mwisho thibitisha kwamba barua ni ya chuo kweli. Usitumie namba ya simu iliyo ndani ya picha. Tafuta tovuti ya chuo mwenyewe, ambayo kwa vyuo vya Tanzania kwa kawaida huishia na .ac.tz, kisha uiandikie ofisi ya udahili ukitaja namba ya kumbukumbu iliyo juu ya barua. Anayetaka “ada ya kushughulikia” itumwe kwa namba ya mtu binafsi asitumiwe kitu mpaka ofisi hiyo ijibu.

Barua ya kukubali itumwe siku kadhaa kabla ya 29 Agosti, mtandao wa Pweto usije ukakatika saa ya mwisho, na uthibitisho kwamba imepokelewa uchapishwe. Kijana asiye na pasipoti aanze kuishughulikia wiki hiyohiyo, wala asingoje jibu la diploma.